Kadi ya harusi mwezi Januari: kisa cha mwalimu aliyesema hatachanga

Wiki ya kwanza shule zilipofunguliwa, mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya serikali mjini Morogoro aliikuta bahasha juu ya meza yake. Ndani mlikuwa na kadi ya mchango. Mwenzake wa Hisabati anaoa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na kadi inamwomba "mchango wake wa hali na mali". Singo ni shilingi 50,000, dabo ni 100,000, mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Machi, na chini kuna namba mbili za simu. Mwenyekiti wa kamati ni makamu mkuu wa shule. Mweka hazina ni mwalimu wa Biashara, ambaye meza yake iko hatua tatu kutoka ile ya Jiografia.

Majina nimeyaacha, na nitawaita watu hawa kwa masomo na vyeo vyao. Kisa chenyewe nakieleza kwa kirefu kwa sababu nimekaa kwenye kamati za harusi kama mweka hazina na ninajua kinachotokea upande wa pili wa orodha, upande ambao mtu anayesitasita kuchanga huwa hauoni. Watu wengi wanaogopa kumkasirisha bwana harusi. Kwa niliyoyaona kwenye kamati, kinachovunja uhusiano mara nyingi ni jibu lisilo wazi, na jibu la kwanza la mwalimu huyu lilikuwa la namna hiyo.

Tuanze na pesa, maana bila hesabu mtu hajui kama kweli hana au anaona uzito tu. Mshahara wake ni shilingi 900,000. Kwenye salari slipu, PSSSF inachukua asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya PAYE, ikishahesabiwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, ni 91,750. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kwa sababu alisoma chuo kwa mkopo, nayo ni 135,000. Chama cha walimu asilimia 2, yaani 18,000. Hapo amebaki na 583,250. Kisha kuna mkopo wa benki alioukopa mwezi Novemba mama yake alipofanyiwa upasuaji, unaokatwa 220,000 kila mwezi. Kinachoingia kwenye akaunti ni 363,250.

Anaishi na watoto wawili. Kodi ya nyumba ni 100,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anaipokea kwa miezi sita, kwa hiyo kila mwezi lazima aweke pembeni. Chakula na gesi 150,000. Nauli, kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi, 26,400. Umeme na maji 15,000, dawa za mama 30,000, chakula cha mtoto shuleni 20,000, na 5,000 za mfuko wa kufa na kuzikana wa walimu. Jumla 346,400. Kinachobaki ni 16,850.

Singo ya 50,000 ni masazo yake ya miezi mitatu. Na Januari haikuwa na masazo hata hayo, kwa sababu mtoto wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada haipo, lakini sare, viatu, begi na madaftari vilikuwa vimekula 180,000, na nusu yake ilikuwa bado deni kwa fundi na dukani.

Nimeweka tarakimu hizi zote kwa sababu moja. Walimu wenzake wanajua anapata kiasi gani, maana madaraja ya mshahara yanajulikana. Wasichojua ni kinachobaki. Kila mtu ofisini anaona 900,000 na kujilinganisha, na mwenye 900,000 bila mkopo wa benki wala deni la Bodi ya Mikopo yuko mbali sana na huyu. Shinikizo la "sote tunapata sawa, mbona wewe ushindwe" linatokea hapo, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kuliamini mpaka alipoandika kwenye karatasi.

Sasa jibu la kwanza. Bwana harusi alimkuta koridoni siku hiyohiyo akamuuliza kama ameiona kadi. Akajibu: "Nimeiona kaka, hongera sana. Ngoja tuone mwezi ukiisha."

Kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya heshima ya kuondokea. Kwa kamati yalikuwa ahadi. Jumapili iliyofuata orodha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp, na jina lake lilikuwepo na 50,000 mbele yake, bila alama ya tiki. Hakuna aliyemwonea. Mweka hazina alifanya ambacho waweka hazina wengi hufanya: asiyekataa anaandikwa kima cha chini, kwa sababu kamati lazima ipate jumla ya kufanyia kazi.

Na jumla hiyo ndiyo inayofanya kazi. Pesa taslimu za mwanzo huwa kidogo. Kamati inakwenda kwa mwenye ukumbi, kwa mpishi, kwa mpambaji na kwa mpiga picha ikiwa na ahadi mkononi, inalipa malipo ya awali, na salio inaahidi kulilipa wiki ya harusi. Mimi nilipokuwa naishika kazi hii nilikuwa napunguza robo ya ahadi zote kabla ya kupanga bajeti, kwa kuwa najua watu. Kuna kamati hazipunguzi kitu. Wanapanga chakula cha watu 250 kwa sababu ahadi zinatosha watu 250, na wiki ya mwisho bwana harusi anakopa. Mara nyingine anakopa kwenye mikopo ya mtaani ile inayoitwa kausha damu, na anaianza ndoa akiwa na marejesho ya kila wiki.

Kwa hiyo "ngoja tuone" ya Januari ikigeuka kimya cha Aprili, imemgharimu mwenzako pesa halisi. "Hapana" ya Januari haimgharimu kitu, kwa kuwa bado hakijaagizwa kitu. Nikiwa mweka hazina sikuwahi kumkasirikia mtu aliyeniambia mapema kwamba nisimhesabu. Nilikuwa namshukuru. Walionikera ni wale waliokuwa wakinipokelea simu kwa "kesho, kesho" mpaka siku ya mwisho, kisha simu inazimwa.

Mwalimu wa Jiografia aliiona orodha usiku, akakaa nayo siku mbili. Mawazo matatu yalimpitia, na yote matatu huwapitia watu wengi.

La kwanza lilikuwa kukopa kwenye simu. M-Pesa ina Songesha na mitandao mingine ina huduma zake, na 50,000 inapatikana kwa dakika moja. Lakini kwa mtu anayebakiwa na 16,850, mkopo huo unalipwa na nauli ya mwezi ujao. Atakopa tena kufidia nauli. Hapo mchango wa harusi unakuwa umegeuka deni linalozunguka, na gharama yake haitaandikwa kwenye orodha ya kamati wala hakuna atakayemshukuru kwa ajili yake.

La pili lilikuwa kunyamaza na kutegemea kwamba watasahau. Kwenye ofisi ya walimu hilo haliwezekani. Orodha inarudiwa kila Jumapili, na kila inaporudiwa majina yasiyo na tiki yanapungua, na mwisho unabaki wewe na wengine watatu mnaosomwa kama tangazo.

La tatu lilikuwa kutunga sababu. Alifikiria kusema mshahara wake una tatizo. Ila watumishi wa serikali wanalipwa kwa pamoja, na siku mshahara unapoingia ofisi nzima inajua. Uongo wa namna hiyo unadumu saa chache. Hata uongo ulio mgumu kugundulika una kasoro yake, kwamba ukishatoa sababu ya kutunga unalazimika kuishi nayo. Ukisema mtoto anaumwa, wiki ijayo utaulizwa hali yake mbele ya watu.

Kilichomzuia zaidi hakikuwa pesa. Miaka mitatu nyuma alifiwa na baba. Huyu bwana harusi alitoa rambirambi ya 20,000 na akasafiri na walimu wengine watatu hadi kijijini, akabeba jeneza. Watu wa kwetu wanatunza daftari la mambo haya. Kuna familia zina daftari kabisa, lenye jina, tarehe na kiasi, ili shughuli ya yule ikifika irudishwe. Yeye hakuwa na daftari lakini alikumbuka.

Hapa nina maoni yangu na nayasema wazi. Deni la kushikwa mkono ni deni la kweli, na anayeliita hiari tupu hajawahi kufiwa mbali na kwao. Ila halina tarehe ya mwisho, na halilipwi kwa kipimo cha kamati. Msiba hurudishwa kwenye msiba, uwepo hurudishwa kwa uwepo, na mtu hupewa nafasi ya kurudisha atakapoweza. Aliyekuzikia baba hakukukopesha 50,000 zinazoiva siku anayooa. Kosa lingekuwa kukataa kana kwamba lile halikutokea. Kinachouma kwenye "hapana" ya namna hii ni hisia kwamba umesahau, na dawa yake ni sentensi moja ya kuonyesha hujasahau.

Siku ya tatu alimsubiri bwana harusi baada ya kipindi cha mwisho, nje, karibu na mahali pikipiki zinapoegeshwa, wakiwa wawili tu. Alichagua kumwona yeye kwanza, kabla ya mwenyekiti na mweka hazina. Nadhani uamuzi huo ulibeba nusu ya mafanikio. Habari ya kwamba fulani hachangi ikimfikia bwana harusi kupitia kamati, inafika imeshaongezwa chumvi. Ikimfikia kutoka kinywani mwako, inafika kama ulivyoisema. Alimwambia hivi:

"Kaka, nimekuja kuhusu kadi yako. Nimekaa nikapiga hesabu zangu, na mchango wa harusi safari hii sitauweza. Nilikwambia tuone mwezi ukiisha, lakini mwezi hautabadilisha kitu na sitaki mnihesabu kwenye bajeti halafu niwaangushe. Ulivyokuja kumzika baba sijasahau na sitasahau. Naomba jina langu litoke kwenye orodha, na leo nitamwandikia mweka hazina."

Tazama alivyoisema. Neno "sitauweza" limekuja mapema, kabla ya maelezo. Mtu akianza na maelezo marefu ya hali ngumu, msikilizaji anadhani anaombwa ushauri au anaombwa apunguze kiwango. Kisha hakutaja upasuaji wa mama, mkopo wala sare. Alisema tu kwamba amepiga hesabu. Wapo wanaoona hilo ni ubaridi, kwamba rafiki anastahili kuambiwa sababu. Kwa rafiki wa ndani, sawa. Lakini kwa mwenzako wa kazini, sababu unayoitoa inakuwa kitu cha kupimwa. Ukisema unamuuguza mama, wiki ijayo umesuka nywele, mtu atauliza pesa ya nywele imetoka wapi. Na kuna anayeona kila sababu ni tatizo la kutatua: atakwambia mkopo wa benki unaweza kuongezewa muda, atakwambia fundi wa sare anaweza kusubiri. Hesabu yako ukiitaja kwa jumla, hakuna pa kushika.

Vilevile alilifuta lile jibu la koridoni kwa maneno yake mwenyewe. Hili wengi wanaliruka. Ukishasema "ngoja" kisha ukaja kukataa, bila kuligusa lile la kwanza, mwenzako anabaki na mambo mawili yanayopingana na atachukua lile linalompendeza.

Bwana harusi alinyamaza kidogo, kisha akasema kile ambacho karibu kila bwana harusi husema: "Hata elfu kumi dada, ili jina lisomeke."

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na sioni ajabu, kwa sababu elfu kumi inaonekana ndogo na mwenye kuiomba anaiomba kwa upole. Kama elfu kumi ilikuwepo kweli, ilikuwa vema kuisema tangu mwanzo: "Kaka, mimi nina elfu kumi, ndiyo hiyo hapa." Hilo ni jibu zuri, na mtu asilionee aibu hata kama kadi imeandikwa 50,000. Ila kuifikia elfu kumi baada ya kukataa kunaifanya "hapana" yako iwe bei ya kuanzia. Mara nyingine mtu atakapokuletea kadi atajua kwamba ukikataa anatakiwa kubembeleza kidogo. Na kwa mwalimu huyu elfu kumi haikuwepo. Masazo yake ya Januari, na ya Februari pia, yalikuwa ya fundi na ya duka.

Akajibu: "Hata hiyo kaka sitaahidi. Ningekuwa nayo ningekupa hapa hapa." Akanyamaza. Hakuongeza neno la kujitetea, na kimya hicho kilikuwa kigumu kwake, lakini kilikuwa sehemu ya jibu. Bwana harusi akasema, "Haya, nimekuelewa," na sauti yake ilionyesha kwamba ameelewa na ameumia kidogo. Sidhani ipo namna ya kukataa ambayo haiachi hata chembe ya maumivu. Anayeitafuta namna hiyo ndiye anayeishia kwenye "ngoja tuone".

Baada ya hapo ndipo akamwambia jambo la pili. Bwana harusi alikuwa amepangiwa zamu ya wiki inayofuata baada ya harusi. Mwalimu wa zamu anawahi asubuhi kuhesabu wanafunzi, anasimamia usafi na chakula, anaondoka wa mwisho na anajaza kitabu cha zamu. Akamwambia ataichukua zamu hiyo, na bwana harusi hatalazimika kuirudisha.

Mpangilio huu una maana. Angeianza na zamu, ingesikika kama malipo anayotoa ili asamehewe mchango, na bwana harusi angeweza kusema zamu haiwezi kulipa mpishi. Kwa kuitoa baada ya "nimekuelewa", ilibaki kuwa ilivyo, kwamba mtu anamshika mkono mwenzake kwa alichonacho. Kadi yenyewe inaomba mchango wa hali na mali, na hiyo ni hali. Nasisitiza pia kwamba ilikuwa kitu mahususi chenye tarehe. Ahadi ya "nitasaidia kazi kazi siku ya harusi" haina thamani, kwa sababu siku ya harusi kila mtu amesema hivyo na hakuna aliyekuja na kisu cha kukatia vitunguu.

Jioni ile alimwandikia mweka hazina, kwa meseji ya pembeni, nje ya grupu: "Habari za jioni Mwalimu. Nimezungumza na bwana harusi leo, mchango sitautoa safari hii. Naomba uondoe jina langu na ile 50,000 kwenye orodha ili isiingie kwenye bajeti. Asante kwa kazi." Mweka hazina akajibu kwa dole gumba.

Jumapili orodha ikaja na jina likiwa palepale. Huu haukuwa uchokozi. Orodha za WhatsApp hunakiliwa kutoka ile ya wiki iliyopita, mtu anaongeza tiki na kubandika upya, na jina lililofutwa kwenye simu ya mmoja linarudi kutoka kwenye simu ya mwingine. Hamu ya kuandika palepale kwenye grupu "mimi nilishatoka" ilikuwa kubwa. Akaizuia, akamkumbusha mweka hazina pembeni, na saa moja baadaye orodha mpya ikatoka bila jina lake. Kwenye grupu kukataa kwako kunakuwa onyesho. Wapo watakaofuata nyuma yako, na kamati itakuona wewe ndiye uliyefungua mlango. Wapo pia watakaokujibu kwa mafumbo, na hapo jambo ambalo mmeshalimaliza wawili linaanza upya mbele ya watu arobaini.

Makamu ndiye aliyekuwa kipingamizi cha mwisho. Alimwita ofisini kwake kuhusu mambo ya mitihani, na alipokuwa anatoka akamwambia: "Mwalimu, sioni jina lako kwenye harusi ya kijana wetu. Hapa tunashikamana." Bosi akiwa mwenyekiti wa kamati, ombi linabadilika sura hata kama yeye hana nia mbaya. Mtu anawaza ruhusa atakazoziomba, anawaza fomu za kupandishwa daraja zinazopita kwenye meza ileile.

Jibu lake lilikuwa: "Ni kweli Makamu. Nimeshazungumza na bwana harusi mwenyewe na tumeelewana, na mweka hazina anayo taarifa." Makamu akasema sawa. Angeweza kusema nini zaidi? Mwenye shughuli ameshaambiwa na ameridhia, na mwenyekiti hawezi kudai kwa niaba ya mtu ambaye hadai. Ndiyo maana nasema kumwona bwana harusi kwanza kulibeba nusu ya jambo. Angekuwa hajafanya hivyo, angelazimika kumweleza makamu hesabu zake za nyumbani, na makamu angekuwa hakimu wake.

Niongeze jambo kwa walio kwenye kampuni binafsi, ambako nimesikia kamati ikipendekeza mhasibu akate mchango moja kwa moja kwenye mshahara "kurahisisha". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara ovyo. Makato lazima yawe ya kisheria, ya makubaliano ya pamoja, ya amri ya mahakama, au yawe ya deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Ukiletewa karatasi ya kusaini pamoja na wenzako, isome kabla ya kusaini, kwa sababu sahihi hiyo ndiyo ridhaa yenyewe. Kutosaini kunatosha, huhitaji kuigeuza kuwa kesi.

Maneno ya chini chini yalikuwepo. Wakati wa chai ya saa nne mmoja alisema kwa sauti kwamba siku hizi watu wanapenda kula harusi ila kuchanga hawataki. Hakumtaja mtu. Mwalimu wa Jiografia aliendelea na chai yake. Kilichomsaidia siku hiyo ni kwamba hakuwa mtu wa kukwepa kila kitu. Mfuko wa kufa na kuzikana alikuwa hajawahi kuruka hata mwezi mmoja, na ofisi nzima inalijua hilo kwa sababu daftari lake husomwa kwenye kikao. Naamini huu ndio mpaka unaofaa kulindwa na mwenye kipato kinachobana. Kile kidogo cha msiba, ambacho kinajulikana na hakibadiliki, kitangulie kabla ya kila sherehe. Msiba haupangwi, na aliyefiwa hawezi kupunguza idadi ya wageni. Harusi inapangwa, na ukubwa wake ni uamuzi wa mtu. Anayetimiza cha msiba kila mwezi anaweza kukataa cha sherehe na bado akahesabiwa kuwa mwenzao.

Likabaki suala la siku yenyewe. Kwa desturi ya michango, kadi ya mwaliko wa ukumbini hupewa aliyechanga, na mlangoni kadi inaangaliwa. Asiyechanga kwenda ukumbini bila kadi ni kujitafutia aibu, na kunamweka mlinzi wa mlango na bwana harusi katika hali mbaya. Lakini kanisani hakuna kadi. Mwalimu wa Jiografia alikwenda kwenye misa, akakaa na walimu wenzake, akawapongeza maharusi nje wakati wa picha, akarudi nyumbani kabla ya msafara kuelekea ukumbini. Jumatatu alianza zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bwana harusi aliporudi kazini alimletea kipande cha keki kwenye karatasi ya foili na kumwambia kwamba kitabu cha zamu amekiona.

Kisa hiki kilikwenda vizuri kwa sababu hapakuwa na ahadi halisi. Nieleze pia, maana naulizwa sana, hali ya mtu ambaye aliahidi kwa kinywa chake, kisha mambo yakaharibika katikati. Huyo hayuko huru kama mwalimu wetu. Jina lake limeshaagizia sahani. Yeye anatakiwa kuwahi kikao cha mwisho cha kamati kabla ya kuthibitisha idadi ya wageni kwa mpishi, kwa kawaida wiki mbili au tatu kabla ya siku. Amwone bwana harusi, kisha amwandikie mweka hazina kwa tarakimu: "Niliahidi 50,000. Mambo yangu yamebadilika. Ninachoweza ni 15,000, nimeituma leo. 35,000 iliyobaki iondoeni na kadi yangu ya ukumbini mpeni mwingine." Hapo kiasi kidogo kina kazi, tofauti na elfu kumi ya kubembelezwa, kwa kuwa kinapunguza shimo ambalo ahadi yake imelichimba. Na kuirudisha kadi ndiko kunakomsaidia mweka hazina zaidi, kwa sababu sahani moja ikiondolewa kwa mpishi mapema ni pesa ambayo haitatafutwa usiku wa harusi.